Umenirekodi kwa Ruhusa ya Nani?

Mbukwenyi, wenye biashara wa Dodoma.

Nimewasalimu kwa adabu kwa sababu salamu ikishapita adabu yangu inaishia hapo.

Mwezi uliopita nilikuwa msibani Singida. Ofisi moja ya kuuza viwanja ya hapa mjini ilikuwa imeniahidi kunipeleka Nala nikaone kiwanja. Nikawaambia nimesafiri. Wakasema hakuna shida mzee, tutakupigia video. Kijana akapiga, akazunguka na simu katika upepo na vumbi, akanionyesha bikoni, barabara, na nguzo ya umeme iliyokuwa mbali kuliko alivyokuwa ameniapia. Tukapatana bei. Akaniomba niinue kitambulisho cha NIDA mbele ya kamera ili waanze kuandaa karatasi. Nikainua. Nyuma yangu mke wangu akapita na kanga moja kifuani, akasema, kwa sauti ya mtu aliye kwake, kwamba hela hiyo ndani yake mna ada ya mtoto.

Siku tisa baadaye mpwa wangu akanitumia klipu ya sekunde 40. Mimi nimeinua kitambulisho. Mke wangu na kanga yake. Ada ya mtoto inasikika vizuri kabisa. Chini yake wameandika: "Mteja wetu kutoka Singida ameshalipia. Wewe unangoja nini?"

Ilikuwa imetoka kwenye grupu la watu mia mbili na kitu. Ilikuwa imeshapita magrupu mengine mawili.

Nani aliniambia narekodiwa? Hakuna. Nani aliniuliza? Hakuna. Nilisikia mlio wowote? Sikusikia, na wewe usingesikia. WhatsApp haina kitufe chake cha kurekodi simu ya video, kwa hiyo haina cha kukutahadharisha. Mwenzako anawasha kirekodi cha skrini cha simu yake, na wewe huku huoni kitu. Au anafanya kama walivyofanya hawa wangu: simu moja inapiga, ya pili imeshikwa pembeni inachukua. Na usiniambie habari za WhatsApp kufungwa kwa ufunguo mwanzo hadi mwisho. Ufunguo huo unalinda mazungumzo yakiwa njiani. Yakishafika kwenye skrini ya mwenzako, ni yake na kamera yake.

Nilipowapigia, mwenye ofisi alinijibu kwa upole wa kuudhi. "Mzee wangu, tunarekodi kwa usalama wako."

Usalama wangu?

"Ndiyo, ili baadaye mteja asije akatugeuka."

Basi sema ni usalama wako, kijana wangu. Usinivike joho lisilo langu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na hapo ndipo nawataka mnisikilize nyote mnaofanya biashara kwa simu ya video: wa viwanja, mafundi nguo mnaopima wateja wa Kondoa mkiwa Majengo, mnaouza zabibu kwa madalali wa Dar es Salaam, mnaofundisha tuisheni, mnaotoa ushauri wa ndoa na wa afya. Mmejiaminisha kwamba kila unaporekodi unajiwekea akiba ya ushahidi. Mimi nasema unajiwekea deni. Deni lenye riba, na mdai ni yule aliyemo ndani ya video.

Anza na hao wa viwanja, kwa sababu ndio wanaonichekesha zaidi. Mnarekodi mapatano ya kuuza ardhi ili mteja asiwageuke. Mmeshasoma Sheria ya Ardhi, Sura ya 113? Kifungu cha 64 kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, au masharti yake yawe yamewekwa kwenye maandishi yaliyotiwa sahihi, ndipo mahakama iusimamie. Video yako ya dakika 20 haikuondolei karatasi. Karatasi ikiwepo na sahihi zipo, video ya mke wangu na kanga inakuongezea nini? Kama unachotaka ni kumbukumbu ya bei na ukubwa wa kiwanja, andika ujumbe simu ikikatika: "Tumekubaliana kiwanja cha Nala, mita za mraba kadhaa, bei kadhaa, malipo kwa awamu mbili." Mteja ajibu "Sawa." Umemaliza. Hakuna sura ya mtu, hakuna kitambulisho, hakuna sebule ya mtu.

Lakini hamtaki, kwa sababu kitufe kiko karibu na kidole kinawasha.

Haya, tuseme sababu unayo. Zipo sababu za kweli. Mpimaji anayetembea mpakani na majirani wakikiri kila bikoni, hiyo rekodi ina kazi. Mwalimu anayetaka mwanafunzi aliyekosa somo alirudie, ina kazi. Basi omba. Na hapa ndipo watu wanaponitolea methali ya mtaani, eti aliyenyamaza amekubali. Amekubali nini asichokijua? Mtu hawezi kukataa asichoambiwa.

Wengine wanajificha nyuma ya Zoom. "Mbona Zoom inatangaza yenyewe?" Inatangaza, ndiyo. Sauti inasema `This meeting is being recorded`, kwa Kiingereza, kwa mkulima wa Mpwapwa aliyeshika simu ya mtoto wake. Na kidirisha kinachotokea kinampa njia mbili: akubali kubaki, au atoke kwenye kikao. Mtu anayetafuta kiwanja, au dawa, au mnunuzi wa zabibu zinazooza, atatoka? Hiyo si ridhaa. Huko ni kumshika mtu shati mlangoni.

Ridhaa inaombwa kabla. Inaombwa kwa lugha ya mtu. Na kukataa kusimgharimu kitu. Hayo matatu, ukikosa moja umekosa yote.

Nina mama mmoja namfahamu, ana ofisi ndogo ya upimaji, yeye na vijana wawili na laptopu moja. Siku moja kabla ya simu anamtumia mteja ujumbe, na aliniruhusu niunakili:

"Habari ndugu. Kesho saa 4 asubuhi tutakuonyesha mipaka kwa video. Tunaomba kuirekodi ili maelezo ya majirani kuhusu mipaka yabaki. Watakaoiona ni mimi na mpimaji wetu tu. Tutaifuta siku 30 baada ya wewe kusaini ramani. Ukipenda isirekodiwe, kazi itafanyika vilevile na bei ni ileile. Ukikubali sasa na ukabadili mawazo baadaye, niambie tuifute. Jibu NDIYO au HAPANA. Nyumbani kwako kama kuna wengine, waambie pia."

Hesabu sentensi. Hazifiki kumi. Ndani yake kuna sababu, kuna watakaoona, kuna siku ya kufuta, kuna njia ya kukataa. Huyo mama hana mwanasheria. Ana akili na haya.

Kisha siku yenyewe, kabla ya kubonyeza, anauliza tena kwa mdomo. Akishabonyeza, anarudia mara ya tatu kwa sentensi moja: leo tarehe fulani, narekodi kwa ajili ya mipaka, umekubali? Mteja akisema ndiyo, ridhaa yenyewe imo ndani ya rekodi. Akisema hapana, anazima palepale. Na likija suala la kitambulisho au namba ya benki, anasitisha kurekodi, wanamaliza, ndipo anawasha tena. Mimi ningesitishiwa hivyo nisingekuwa naandika makala haya.

Maana wewe msomaji nawe umelala. Ndiyo, wewe. Unainua kitambulisho mbele ya kamera kama unapunga mkono. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa niambie kwa siri: namba ya siri ya pesa zako za kwenye simu si mwaka wako wa kuzaliwa? Umenyamaza. Wapo wengi kama wewe. Klipu yangu ilikuwa na namba yangu ya NIDA, na namba yangu ya simu ikisomeka juu ya skrini. Nilibadili namba ya siri usiku uleule nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka wa msiba.

Na kitu kingine ambacho mwenye ofisi wangu hakukielewa hata nilipomweleza mara mbili: hata kama ningekubali kurekodiwa kwa ajili ya karatasi, sikukubali kuwa tangazo lake. Ruhusa ya jambo moja haizai ruhusa ya jambo la pili. Ukitaka kunitangaza, rudi uniulize upya, unionyeshe kipande chenyewe.

Kenya walilijua hili kwa kulipia. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi ile aliipiga faini baa moja ya Nairobi, Casa Vera, shilingi 1,850,000 za kwao, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Baa! Mahali watu wanakwenda kunywa na kucheka. Katika uamuzi wa kipindi hichohicho shule iitwayo Roma ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Hao hawakuwa makampuni ya simu wala mabenki. Walikuwa wafanyabiashara waliodhani picha ya mteja ni sehemu ya bidhaa.

Kwetu sheria ipo. Imepitishwa hapahapa Dodoma, pale bungeni unapopita kila siku na bodaboda: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili. Inamtaka amwambie mtu sababu kabla ya kukusanya. Inamtaka azilinde. Na kwa anayezifichua kinyume na sababu alizozikusanyia, mtu binafsi faini inaanzia shilingi 100,000 na inaweza kufika milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni, inaanzia milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Nimeuliza wenye biashara sita mtaani kwetu kama wanaijua. Mmoja alisema aliisikia redioni. Watano walidhani namzungumzia mtu wa mapato.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi, maana hata mwenye kuomba ruhusa vizuri anaweza kuniangamiza kwa kuhifadhi ovyo.

Rekodi ya ofisi yako iko wapi sasa hivi? Usinijibu "iko salama". Iko wapi?

Nitakwambia mimi. Nakala ya kwanza iko kwenye simu ya kijana wako, simu yake mwenyewe, katikati ya picha za harusi ya dada yake. Ya pili imepanda yenyewe Google Photos, kwa akaunti yake, si ya ofisi. Ya tatu alikutumia wewe WhatsApp ili uione, ikajipakua kwenye simu yako, na mtoto wako anaichezea simu hiyo jioni. Ya nne umeiweka kwenye flashi ukampa mtu wa karatasi, na flashi ile ile imepita steshenari ya watu wote. Simu ya kijana ikipasuka kioo anaipeleka kwa fundi, anamwachia na paswedi, anakwenda kula chipsi. Mwezi ujao mnagombana, anaacha kazi. Anaondoka na nini? Anaondoka na wateja wako wote, sura zao, sauti zao na vitambulisho vyao.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walisema hivyo kabla ya simu kuwa na kamera.

Na usidhani ni ujinga wa Dodoma tu. Aprili 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa korona, gazeti la Washington Post lilieleza kwamba maelfu ya rekodi za Zoom zilikuwa zinaonekana wazi mtandaoni: vikao vya tiba, mikutano ya biashara ndogo yenye hesabu za fedha, madarasa ya watoto. Hakuna aliyevunja kufuli. Watu walirekodi, wakapandisha mafaili kwenye hifadhi za mtandaoni zisizo na paswedi, na kwa kuwa Zoom ilikuwa inayapa mafaili yote majina ya mtindo mmoja, aliyejua mtindo huo alitafuta jina akayakuta yamejipanga. Kosa lilikuwa la mlango ulioachwa wazi na jina la faili lililoachwa kama lilivyozaliwa. Wewe umeshawahi kubadili jina la faili lako hata moja? Na ile linki unayotuma, umeiweka yeyote aliye nayo aweze kufungua, kwa sababu mteja alilalamika haifunguki?

Yule mama anafanya hivi, na sioni kinachowashinda. Simu za wateja zinapigwa kwa laptopu ya ofisi, si kwa simu ya mtu. Rekodi inashuka kwenye folda moja tu. Folda hiyo imefungwa kwa VeraCrypt, programu ya bure: bila paswedi, mwizi wa laptopu anaona faili moja kubwa lisilosomeka. Paswedi wanaijua wawili. Imeandikwa pia kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha nyumbani kwake, kwa sababu ukiipoteza hakuna fundi wa kukuokoa, si Dodoma wala Marekani. Nakala ya pili iko kwenye diski ya nje iliyofungwa vivyo hivyo, imo kwenye kabati lenye kufuli. Hakuna ya tatu. Mteja akitaka kuona, anakuja ofisini au anatumiwa yeye peke yake, kwa linki ya barua pepe yake na si ya dunia nzima.

Jina la faili halina jina la mtu. Lina namba ya kazi na siku ya kufa:

```
kazi-041_mipaka_futa-2025-09-12.mp4
```

Ukifungua folda unaona mwenyewe lipi limepitisha siku zake. Kila Ijumaa alasiri, kabla ya kufunga, anafungua daftari la kawaida la shule, anasoma tarehe, anafuta yaliyofikia siku yake kwenye folda na kwenye diski, anasaini. Anaandika pia nani aliomba kutazama na kwa nini. Daftari hilo ndilo litakalomtetea siku mtu akimpeleka kwenye Tume. Wewe utajitetea kwa nini? Kwa "kijana alikosea"?

Kuna wanaoniambia, mzee, haya ni ya makampuni, sisi ni wadogo. Udogo! Mdogo ndiye asiye na milioni moja ya kuanzia faini. Mdogo ndiye ambaye wateja wake wanafahamiana, wanasali pamoja, wanakutana sokoni Sabasaba. Klipu ya benki ikivuja watu wanalaumu benki. Ya kwako ikivuja wanajua nyumba yako. Maji yakimwagika hayazoleki, na mji huu bado ni mdogo kuliko majengo yake.

Na kama hizi kazi za folda, bahasha na Ijumaa unaziona nzito, nakupa njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda: usirekodi. Piga simu, onyesha kiwanja, andika ujumbe wa makubaliano, kata. Rekodi usiyokuwa nayo haiibiwi.

Juzi nilikwenda ofisini kwa wale watu wa Nala. Nilikwenda na mke wangu, kwa sababu kanga ilikuwa yake. Nikadai kwanza nionyeshwe kila walichonacho juu yangu, kisha kifutwe mbele yangu. Mwenye ofisi akasema, "Mama, tumeshafuta tangu siku ile mlipolalamika, wiki tatu karibu." Mke wangu akamwambia kijana afungue simu. Akafungua. Kwenye picha hatumo kweli. Akamwambia afungue Google Photos, kapu la takataka.

Tulikuwamo. Kanga, kitambulisho, kila kitu, na kwenye kona ya picha ile pameandikwa siku zilizobaki kabla haijafutika yenyewe: 41.

Kijana akainamisha kichwa. Mwenye ofisi akaanza kumkaripia. Mke wangu akamkatiza akauliza simu yake yeye iko wapi.